Ratiba ya mafunzo ya siku nzima Kisumu: dakika za akiba niziweke wapi?

MwanaKondele (aliyeanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupanga mafunzo ya wafanyakazi wa chama chetu cha akiba na mikopo. Tuko 36, kutoka Kisumu mjini, Siaya, Busia, Kakamega na Mbale. Ukumbi tumekodi Milimani, siku ni Ijumaa, na kila mtu analala kwake jioni hiyo hiyo.

Mara ya mwisho tulipofanya hivi nilikuwa mshiriki tu, na iliniuma. Kipindi cha mwisho kilikuwa cha utapeli wa simu, ambacho ndicho tulikuwa tunakihitaji kuliko vyote kwa sababu wanachama walikuwa wanalia kila wiki. Kilipangiwa dakika 75. Mwezeshaji alipokabidhiwa maikrofoni zilikuwa zimebaki 20, wenzetu wa Busia walikuwa wameshabeba mikoba mabegani, na yule mama akazungumza akitazama migongo. Sitaki nimfanyie mtu mwingine hivyo.

Rasimu yangu ni hii (saa zote ni za Kiswahili, 2:00 ni saa mbili asubuhi):

2:00 kujiandikisha
2:30 ufunguzi, maombi, utambulisho, neno la mwenyekiti
3:00 sera mpya ya mikopo
4:30 chai
4:45 mfumo mpya wa kompyuta, kwa vitendo
7:00 chakula cha mchana
8:00 kumhudumia mwanachama mwenye malalamiko
9:15 utapeli wa simu
10:30 maswali na kufunga
11:00 mwisho

Swali langu: dakika za akiba, za kufidia vipindi vitakavyopitiliza, niziweke wapi, na ziwe ngapi?

---

Karani_wa_Nakuru

Hiyo ni rahisi, ndugu. Ongeza asilimia 15 kwa kila kipindi. Cha saa moja kiandike dakika 70, cha dakika 90 kiandike 105. Kila kipindi kinabeba akiba yake chenyewe, hakuna cha kuhangaika. Sisi hapa Nakuru tunafanya hivyo kila mwaka.

---

Mama_Shamba_Yala

Samahani kwa kuuliza, hayo mafunzo yana posho ya kikao au ni nauli tu? Kwetu tuliitwa siku nzima, tukarudishiwa nauli ya kwenda bila ya kurudi.

---

MwanaKondele

Mama, hapa ni usafiri wa chama na chakula, posho haipo. Gari mbili ndogo zimekodiwa, moja inatoka Busia kupitia Ugunja, Yala, Luanda na Maseno, ikiwachukua wa Siaya pale Ugunja. Nyingine inatoka Kakamega kupitia Mbale.

@Karani_wa_Nakuru nashukuru, lakini nikiongeza hivyo siku yangu inaisha saa kumi na mbili jioni.

---

Mratibu_Mkongwe

Nimesimamia mafunzo ya namna hii kwa miaka mingi, Kisumu, Kakamega na Bungoma, kwa hiyo niruhusu niseme kirefu kidogo.

Kwanza nimejumlisha rasimu yako. Kuanzia 2:00 hadi 11:00 ni dakika 540, na vipengele vyako vikijumlishwa ni 540 kamili. Hakuna hata dakika moja ya mtu kuinuka kitini. Siku yako imechelewa hata kabla haijaanza.

Pili, usianze na vipindi. Anza na mambo yasiyosogea. Mimi huyaita misumari. Msumari wako wa kwanza ni gari kuondoka. Busia ni kilomita mia na kitu, na mwendo ni zaidi ya saa mbili magari yakisongamana. Jua la Kisumu linazama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Gari likiondoka 11:15, kuna mtu atashuka gizani na bado ana boda ya kupanda. Hao ndio waliobeba mikoba mara ya mwisho, na sioni kosa lao. Mimi ningeweka gari 10:30.

Msumari wa pili: umesema ni Ijumaa. Una Waislamu wangapi? Wanaswali Jumaa saa saba. Chakula chako kinaanza 7:00 na kuisha 8:00, yaani watachagua kati ya sala na sahani. Msumari wa tatu ni jikoni. Muulize mpishi chakula kinatoka saa ngapi, usimpangie kutoka ofisini.

Ukishapigilia hiyo mitatu, vipindi vinaingia katikati. Vikikataa kuingia, punguza vipindi.

@Karani_wa_Nakuru, kwamba akiba iwepo ndani ya siku badala ya kurundikwa mwishoni, hapo uko sawa. Ila ukimwandikia mwezeshaji dakika 105 atafundisha dakika 105, kisha ataomba tano za kumalizia. Akiba uliyomkabidhi mwezeshaji tayari imeliwa. Iache mkononi mwa anayesimamia muda, isimame peke yake kati ya kipindi na mapumziko, na itolewe pale tu inapohitajika.

---

Karani_wa_Nakuru

Nimekuelewa, mzee. Lakini kama mwezeshaji hajui akiba ipo, atajuaje anaweza kumaliza mfano wake?

---

Mratibu_Mkongwe

Atajua akifika mwisho, msimamizi akimwambia "una dakika kumi zaidi" au "tunakwenda chai". Na mwezeshaji lazima akae na msimamizi siku moja kabla, wagawe kipindi chake mara mbili: sehemu ya lazima na sehemu ya ikibidi. Ya lazima ije mwanzo. Wengi huweka mazoezi mwishoni kama kitindamlo, muda ukibana mazoezi ndiyo yanakatwa, na watu wanarudi kazini wakiwa wamesikiliza tu.

---

Mpishi_Manyatta

Mimi napikia semina, hivyo nasema la upande wangu. Chai ya dakika 15 kwa watu 36 haipo. Meza ikiwa moja na chupa mbili za chai, kila mtu anatumia kama nusu dakika kumimina, kutia sukari na kuokota mandazi au kiazi kitamu. Wa mwisho anapata kikombe dakika ya 18, na chai ni moto. Weka nusu saa, na mwambie mpishi atenge meza mbili mbali mbali.

Chakula ni vivyo hivyo. Kunawa, kupakua, kutafuta kiti. Sahani moja kwa sekunde 40, watu 36 ni dakika 24 kabla wa mwisho hajakaa. Meza ipakuliwe pande zote mbili, itakuwa nusu yake. Jambo jingine: usiagize samaki mzima siku ya mafunzo. Najua ni Kisumu na watu wanamtaka, lakini samaki mwenye miiba haliwi kwa haraka, na kila mtu akitaka wake wa kukaanga papo hapo jiko litazidiwa. Pilau, au ugali na nyama ya mchuzi na sukuma, hivyo vinatoka kwa pamoja.

---

MwanaKondele

Asante sana mpishi, nilikuwa nimeshaagiza samaki. Nitabadilisha leo.

Waislamu wako watatu. Kusema kweli sikuwa nimelifikiria hilo, na nimejisikia vibaya.

---

Msabato_wa_Nyamira

Naunga mkono Ijumaa, Jumamosi sisi wengine hatuwezi kabisa. Ila mkimaliza mapema iwezekanavyo itakuwa vizuri, kwa sababu Sabato inaanza jua likizama Ijumaa. Mtu wa Busia akifika usiku amekwisha kuingia Sabato akiwa barabarani.

---

Mwalimu_wa_Zamani

Nina yangu. Niliwahi kuitwa kwenye warsha, ujumbe wa simu ukasema "Ijumaa saa 8:00". Aliyeandika alimaanisha saa za Kiingereza, mimi nikasoma saa nane mchana. Tulikuwa wanne tuliofika saa saba na nusu, tukakuta watu wanakula. Kwa hiyo kwenye mwaliko andika kwa maneno, "saa mbili asubuhi", usiandike tarakimu peke yake. Nusu ya kuchelewa kwa watu inatoka kwenye mwaliko.

Na usiandike saa moja tu. Andika saa ya kufika na saa ya kuanza. Zikiwa moja, watu hufika saa ya kuanza.

---

Bonde_la_Nyando

Mimi nina swali kwa Mratibu. Utambulisho wa watu 36, maombi, na mwenyekiti, kwa dakika 30?

---

Mratibu_Mkongwe

Umegusa penyewe. Kila mtu akitumia sekunde 45 kutaja jina, tawi na kazi yake, 36 ni dakika 27. Zinabaki tatu za maombi na mwenyekiti. Vitambulisho vya kifuani viandikwe wakati wa kujiandikisha, jina na tawi kwa kalamu nene, halafu watu watambulishane mezani kwao wakinywa chai. Mbele ya ukumbi, kila tawi lisimame kwa pamoja, inatosha.

Kuhusu mwenyekiti, mimi humweka dakika kumi kabla ya chakula. Chakula chenyewe kinamfunga.

---

Bonde_la_Nyando

Hilo la mwenyekiti silikubali. Kwetu mkubwa hufungua. Ukimweka kabla ya chakula ataona umemdharau, na wewe ndiye utakayebaki naye ofisini baada ya mratibu kuondoka.

---

Mratibu_Mkongwe

Nimeona ikienda vizuri na nimeona ikienda vibaya. Inategemea mtu na namna alivyoombwa. Aliyeko pale ndiye ajuaye.

---

MwanaKondele

Nimerudi. Nimekesha na hii. Mambo yaliyonigharimu: sera ya mikopo nimeitoa maelezo marefu. Kurasa mbili zitatumwa kwa matawi Jumatatu, kila meneja aisome na watu wake, ili Ijumaa tufanye mifano tu. Mfumo wa kompyuta nimeugawa: Ijumaa tunafanya kufungua ombi la mkopo na kupokea malipo, ripoti za mwezi zitafundishwa tawini wiki inayofuata. Mkurugenzi hakufurahia. Aliniambia "tumelipia ukumbi siku nzima". Nikamwonyesha hesabu ya ile siku ya mara ya mwisho, kipindi kwa kipindi, akanyamaza akasema sawa, ila utapeli usiondolewe.

Mpya ndiyo hii:

2:00 kufika, vitambulisho, chai ya kukaribisha
2:45 ufunguzi, maombi, mwenyekiti (dakika 15)
3:00 sera ya mikopo, mifano mitatu (70)
4:10 akiba (10)
4:20 chai (30)
4:50 mfumo mpya kwa vitendo (90)
6:20 akiba (20)
6:40 chakula na Jumaa (80)
8:00 malalamiko, igizo kwa makundi (60)
9:00 kunyoosha miguu (10)
9:10 utapeli wa simu (35)
9:45 akiba (15)
10:00 kufunga, kila tawi linataja jambo moja la kuanza Jumatatu (20)
10:20 mwisho, gari 10:30

Mafunzo yenyewe yameshuka kutoka dakika 375 hadi 255. Inatisha kuitazama. Akiba ni 45.

---

Mratibu_Mkongwe

Hiyo sasa inaweza kuishi. Dakika 45 juu ya 255 ni kama kumi kwa kila saa ya kufundisha, na kwa watu wanaotoka matawi tofauti mimi sishuki hapo. Umefanya vizuri kuweka kubwa baada ya kompyuta, maana hapo ndipo mambo hukwama.

Nikueleze hukwama vipi. Nilisimamia mafunzo ya mfumo ambako kulikuwa na laptopu 12. Mwezeshaji alisema "fungueni mfumo", na kwa dakika 25 hakuna kilichoendelea. Paswadi za watu saba zilikuwa zimeisha muda. Wawili walikuwa wamefungiwa kwa kukosea mara tatu, na aliyeweza kuwafungulia alikuwa ofisini hapokei simu. Laptopu nne hazikuwa na chaji na ukumbi ulikuwa na soketi mbili, zote nyuma. Hakuna akiba inayoponya hilo. Akiba ni ya maswali na ya mtu mzito wa kuelewa. Hitilafu ya vifaa inaponywa Alhamisi jioni: kila mtu aingie na paswadi yake akiwa tawini kabla ya siku, na wewe uende ukumbini na waya za ekstensheni ujaribu neti kwa laptopu zote kwa pamoja, siyo moja.

Mpe msimamizi wa muda vituo vya kukagua. Kwa mfano, saa 3:45 ikifika na mfano wa pili wa mikopo haujaanza, wa tatu unaachwa, bila mjadala. Ukingoja hadi 4:10 ndipo uamue, umechelewa.

Na bandika karatasi kubwa ukutani, iandikwe VIPORO. Swali zuri lakini la kando linaandikwa pale na jina la aliyeuliza, linajibiwa kwenye akiba. Watu huacha kung'ang'ania wakiona limeandikwa.

---

Mwalimu_wa_Zamani

Hizo akiba, mtazichapisha kwenye ratiba ya washiriki? Wakiona "akiba 20" watajua kuna mchezo.

---

Mratibu_Mkongwe

Mimi huandika "maswali". Nakala yangu ndiyo ina neno akiba.

---

Bonde_la_Nyando

Mimi huchapisha wazi. Watu wazima wakijua muda upo na una kazi yake wanaulinda wenyewe. Ukiuficha halafu usitumike, wanashangaa kwa nini wamekaa bure.

---

Mama_Shamba_Yala

Mvua pia. Mwezi huu hapa kwetu mvua inakuja mchana, na ukumbi ukiwa wa mabati husikii hata jirani yako.

---

MwanaKondele

Wakuu, tumefanya jana. Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu mmenisaidia.

Gari la Kakamega lilifika 2:05. La Busia lilikwama Luanda, siku ya soko, likafika 2:55. Tukaanza 2:58. Mwenyekiti alifungua yeye mwenyewe, @Bonde_la_Nyando, nilimwomba dakika saba na akatumia tisa. Saa 3:45 mfano wa pili ulikuwa haujaanza. Msimamizi wa muda, ambaye ni dada wa mapokezi na hana woga, alisimama na kadi, tukauacha wa tatu. Hata hivyo dakika kumi za akiba ziliisha zote, na chai ikaanza 4:22.

Paswadi tulizijaribu Alhamisi. Tano zilikuwa mbovu, zikarekebishwa usiku. Asubuhi ikaharibika moja tu. Ile akiba ya 20 tulitumia 14, nyingi kwa swali moja: mwanachama aliyelipa mkopo kwa simu ya mtoto wake, malipo yanaingizwaje. Lilikuwa kwenye VIPORO tangu asubuhi. Wale watatu walikwenda Jumaa wakarudi 7:50 wakakuta sahani zao zimefunikwa.

Mama Yala, mvua ilikuja kweli, kama saa nane na nusu. Mabati yalilia hadi mwezeshaji akanyamaza. Bahati ni kwamba tulikuwa kwenye igizo, watu wako mezani wanne wanne, wakasogeleana wakaendelea. Ingekuwa ni mtu amesimama mbele na projekta, kipindi kingekufa. Sikupanga kwa akili hiyo, lakini kuanzia sasa mchana nitaweka kazi za makundi kwa makusudi.

Utapeli ulianza 9:16. Dakika 35 hazikutosha. Mwezeshaji alimaliza sehemu ya lazima, mtu anayejifanya ametuma pesa kimakosa na ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, lakini mikono ilikuwa bado juu, nikampa akiba yote ya mwisho. Bado viporo sita vimebaki ukutani. Tulifunga 10:24 na gari la Busia likaondoka 10:36. Mwenzetu mmoja kaniandikia saa moja kasoro kwamba amefika, bado kulikuwa na mwanga kidogo.

Kilichonisumbua ni kwamba kipindi tulichokihitaji zaidi bado ndicho kilichopata muda mfupi zaidi, na bado kilikuwa cha mwisho.

---

Mratibu_Mkongwe

Hongera. Kwa nini hukukiweka asubuhi?

---

MwanaKondele

Mwezeshaji wake alikuwa hana nafasi kabla ya saa tisa.

---

Mratibu_Mkongwe

Basi huo ulikuwa msumari wa nne na hatukuuona. Mara nyingine uliza wawezeshaji saa zao kabla ya kugusa kalamu. Hivyo viporo sita, nani anavijibu?

---

MwanaKondele

Yeye, kwa kundi la WhatsApp la chama, Jumatano. Nimevipiga picha kabla karatasi haijang'olewa.

---

Karani_wa_Nakuru

Naomba hiyo ratiba ya mwisho, niiweke kwa yetu ya mwezi ujao. Sisi tuko 60, ukumbi mmoja. Nadhani akiba itabidi iwe kubwa zaidi, au nigawe watu siku mbili?

---

Mpishi_Manyatta

Sitini kwa meza moja ya chakula? Gawa, ndugu.